Benki tano, wateja watano: mwongozo wa masoko kwa muuzaji wa programu za makampuni makubwa

Tuchukue kampuni ya watu saba jijini Dar es Salaam. Wametengeneza programu inayolinganisha miamala: inachukua faili la miamala kutoka mfumo mkuu wa benki, inalipanga pembeni ya faili la kampuni ya simu, kisha inaonyesha ni muamala gani uko upande mmoja tu. Mteja ametuma pesa kutoka akaunti yake kwenda M-Pesa, mtandao ukakatika katikati, benki imemkata na simu haijapokea. Fedha hiyo inakaa kwenye akaunti ya muda, ile wahasibu wanayoiita sasipensi, mpaka mtu aitafute na kuirudisha mahali pake. Kwenye benki nyingi mtu huyo anaitafuta kwa Excel.

Kampuni hii haina wateja elfu kumi wa kuwatafuta. Orodha nzima ya wanunuzi ipo kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania, nayo ni ya benki za biashara zaidi ya 30 tu. Kurusha matangazo redioni au kutuma barua pepe moja kwa watu wote ni kulipia masikio ya watu ambao hawatanunua kamwe. Njia inayofaa hapa ni kuichukulia kila benki kama soko zima linalojitegemea: kuichagua, kuisoma, kuwajua watu wake, na kuandaa maneno ya benki hiyo peke yake.

Kitu kimoja kinatenganisha kazi hii na uuzaji wa kawaida. Uamuzi wa kununua programu benki unafanywa kwenye kikao ambacho muuzaji hatakanyaga. Yeye ataonana na watu wawili au watatu. Watakaopiga kura ni wanane au kumi, na wengi wao wataijua kampuni yenu kupitia karatasi mtakazoacha. Kwa hiyo kazi ya mtu wa masoko ni kuwahudumia wale ambao muuzaji hatawaona. Hatua zote zilizo hapa chini zinazunguka jambo hilo.

Hatua ya 1: Chagua benki tano, na uwe na sababu ya kuziacha nyingine

Kwa nini tano? Piga hesabu ya saa. Benki moja ikifuatiliwa sawasawa inakula karibu siku nzima ya mtu kwa wiki: kusoma taarifa zake, kuandika, kupiga simu, kwenda kuonana. Kama mna mtu mmoja wa masoko, tano zimemjaza. Ukimpa kumi na tano, atarudi kwenye barua pepe ya jumla, na hapo mmeacha njia hii bila kutambua.

Anza kwa kuondoa, ndipo uchague. Benki ambayo iko katikati ya kubadilisha mfumo wake mkuu iondoe kwa mwaka huo. Wakati wa mabadiliko hayo TEHAMA hufunga milango: hakuna mfumo mpya unaounganishwa mpaka wa kwanza utulie. Habari za namna hii si siri, kwa sababu benki yenyewe huwatangazia wateja wake kwamba huduma zitasimama mwisho wa wiki kwa ajili ya maboresho ya mfumo. Mwaka mmoja baada ya hapo hali inageuka. Benki hiyo inaweza kuwa mteja mzuri kuliko wote, kwa sababu mfumo mpya huja na miamala mingi iliyoning'inia.

Swali la pili ni nani mwenye uamuzi. Benki nyingi zilizopo Dar ni matawi ya familia kubwa zaidi. Stanbic iko chini ya Standard Bank ya Johannesburg, KCB na Equity makao yao makuu ni Nairobi, Ecobank ni Lomé. Kwa kampuni tanzu kama hizo, mfumo unaogusa hesabu mara nyingi huchaguliwa makao makuu na kuletwa huku ukiwa tayari. Hii haimaanishi usiwafuate. Ila ujue kwamba mteja wako yuko Nairobi au Johannesburg, na kikombe cha kahawa unachokunywa naye Posta ni cha kutafuta njia tu. Kwa kampuni ya watu saba inayoanza, ningezipa kipaumbele benki ambazo bodi yake inakaa hapa hapa nchini. Zipo pia zinazokupa mlango wa kutokea: CRDB, kwa mfano, ina kampuni tanzu Burundi tangu 2012 na ilifungua nyingine Lubumbashi mwaka 2023. Mfumo unaokubalika makao makuu ya benki yenye umbo hilo unaweza kusafiri.

Swali la tatu ni kama tatizo lako lipo kweli. Benki inayohudumia makampuni makubwa machache ina miamala ya simu kidogo, na wahasibu wawili wanaimaliza kwa Excel kabla ya chai ya saa nne. Unatafuta benki yenye mawakala wengi na wateja wadogo wadogo wanaohamisha elfu tano, elfu kumi, mchana na usiku.

Hatua ya 2: Isome benki kabla ya kuiandikia

Benki hapa nchini hutakiwa kuchapisha hesabu zake kila robo mwaka, na zile zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam hutoa taarifa ndefu ya mwaka. Watu wa masoko huishia kwenye barua ya mwenyekiti na picha. Wewe nenda nyuma, kwenye maelezo ya hesabu.

Tafuta mistari mitatu. Wa kwanza ni mapato ya ada na kamisheni: yakikua haraka kuliko mikopo, ujue miamala imeongezeka. Wa pili ni gharama za wafanyakazi, uone kama benki inaajiri au inabana. Wa tatu ni mali nyinginezo. Humo ndimo mara nyingi hukaa fedha zinazosubiri kulinganishwa, ingawa zimechanganyika na malipo ya awali na vitu vingine. Huwezi kusema kwa hakika kiasi gani ni sasipensi, ila ukiona mstari umepanda miaka mitatu mfululizo, umepata swali zuri la kuuliza.

Swali, nimesema. Usije ukaandika barua kwa mkurugenzi mkuu ukimwambia kwamba akaunti zake za muda zimevimba. Barua hiyo itateremshwa kwa mkuu wa uendeshaji pamoja na neno moja juu yake: "Maelezo?" Umemwaibisha mtu ambaye ulihitaji awe upande wako, na kuanzia siku hiyo kila atakapoulizwa kuhusu kampuni yenu atakuwa na jibu. Andika hivi: benki zenye mawakala wengi hukutana na tatizo hili pale miamala inapozidi kiwango fulani, kwenu linashughulikiwaje? Anayejua tatizo lipo ataelewa, na heshima yake imebaki.

Soma pia matangazo ya kazi. Benki inayotafuta maofisa wanne wa kulinganisha miamala kwa mpigo imekuambia yenyewe mahali panapouma.

Hatua ya 3: Chora ramani ya watu

Kwa kila benki chukua karatasi moja na uandike vyeo kwanza, majina baadaye. Kwa programu ya aina hii ramani haibadiliki sana.

Mkuu wa uendeshaji ndiye anayelala na tatizo. Mkuu wa fedha anaogopa kiasi kitakachofutwa mwisho wa mwaka. Mkuu wa TEHAMA anataka kujua mfumo wako utaunganishwa vipi na nani ataamka saa nane usiku ukigoma. Msimamizi wa usalama wa mifumo anataka kujua taarifa za wateja zitakaa wapi. Vihatarishi na uzingatiaji wanaangalia miongozo ya Benki Kuu kuhusu watoa huduma wa nje. Ukaguzi wa ndani wanataka kuona alama za nani alifanya nini na lini. Manunuzi na sheria huja mwishoni, lakini wanaweza kukuchelewesha miezi minne. Na chini kabisa wapo maofisa wanaolinganisha miamala kila siku. Hawana kura, ila bosi wao atawauliza, na wao wana hofu moja ambayo hawataisema mbele yako: je, programu hii inakuja kuchukua ajira zetu?

Majina utayapata LinkedIn, kwenye taarifa ya mwaka, na kwa watu waliowahi kufanya kazi hapo. Sekta ya benki Dar ni ndogo. Aliyekuwa benki moja miaka miwili iliyopita leo yuko nyingine.

Hapa kuna sheria ya kuzingatia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na orodha yako ya majina, namba za simu na vidokezo vya watu ni taarifa binafsi. Hifadhi kile unachohitaji kwa kazi tu: jina, cheo, mawasiliano ya ofisini, lini mliongea na mliongea nini. Mambo ya kwamba fulani anapenda mpira au ana mgonjwa nyumbani yasiingie kwenye jedwali. Na kampuni yenyewe ijisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa sababu mkishaanza kushika miamala ya wateja wa benki nanyi ni wachakataji. Cheti hicho kitaombwa tu.

Hatua ya 4: Kila mtu apewe karatasi yake

Hapa ndipo kampuni nyingi zinapoharibu. Zina kipeperushi kimoja cha kurasa kumi na sita, chenye picha za watu wanaotabasamu mbele ya kompyuta, na kipeperushi hicho hicho kinapelekwa kwa mhasibu, kwa mtu wa usalama na kwa mwanasheria. Kila mmoja anakuta ukurasa mmoja unaomhusu na kumi na tano zisizomhusu, anaweka pembeni.

Andaa karatasi fupi, kurasa mbili kwa kila moja, kila moja ikijibu swali la mtu mmoja.

Ya mkuu wa fedha iwe hesabu. Mfano: benki yenye miamala ya simu 400,000 kwa mwezi, ambayo mfumo wake wa sasa unalinganisha 96% bila mkono wa mtu, inabakiwa na miamala 16,000 ya kutafutwa. Ofisa mzoefu akimaliza 40 kwa saa, hizo ni saa 400 kwa mwezi, yaani kazi ya watu wawili na nusu wanaofanya saa 160 kila mmoja. Ulinganishaji ukipanda hadi 99.2%, inabaki 3,200, sawa na saa 80. Andika hesabu hiyo wazi, na uache nafasi ili mwenyewe aweke namba za benki yake badala ya zako. Mkuu wa fedha hataamini namba zako, na ana haki. Ataamini zake.

Karatasi ya mtu wa usalama ndiyo inayookoa muda mwingi zaidi, na ndiyo inayoandikwa mara chache. Iseme taarifa zinahifadhiwa nchi gani, zimefungwaje zikiwa zimehifadhiwa na zikiwa njiani, nani ndani ya kampuni yenu anaweza kuziona, jaribio la mwisho la kudukua mfumo lilifanywa na nani na matokeo yake yalikuwaje, na mteja atarudishiwaje taarifa zake mkataba ukiisha. Kama jibu la swali moja ni "bado hatujafanya", andika hivyo na tarehe mtakayofanya. Watu wa usalama hawamsumbui anayekiri upungufu. Wanamsumbua anayejaza nafasi kwa maneno mazuri.

Ya ukaguzi wa ndani iwe na picha mbili tu za skrini: ile inayoonyesha nani alibadilisha muamala, na ile inayoonyesha kwamba aliyeandaa hawezi kuidhinisha.

Karatasi ya maofisa isiwe karatasi. Iwe nusu saa ya kukaa nao, wakakuonyesha wanavyofanya leo. Utajifunza humo vitu ambavyo hakuna mkurugenzi anavijua, kama vile faili la kampuni fulani ya simu kuja na tarehe zilizopinduka kila mwisho wa mwezi. Kuhusu hofu yao ya ajira, usiwape ahadi usiyo na mamlaka nayo. Muulize bosi wao mapema saa zitakazookolewa zitatumika wapi. Akisema zitaenda kwenye malalamiko ya wateja, mwombe awaambie mwenyewe.

Pembeni ya hizo weka bahasha ya manunuzi ikiwa tayari: cheti cha BRELA, TIN, leseni ya biashara, uthibitisho wa kodi kutoka TRA, hesabu zilizokaguliwa, na cheti cha Tume niliyoitaja. Kampuni changa hukwama kwenye hesabu zilizokaguliwa, maana benki inaweza kutaka za miaka mitatu na nyinyi mna mwaka mmoja. Hakuna maneno ya masoko yatakayoziba pengo hilo. Njia iliyopo ni kuingia chini ya mbia mkubwa ambaye tayari yuko kwenye orodha ya wazabuni wa benki, mkubali kugawana naye mapato. Lijueni hilo mwezi wa kwanza, msilikute mwezi wa tisa.

Hatua ya 5: Fuata kalenda ya benki

Mwaka wa fedha wa benki huisha 31 Desemba. Bajeti za idara kwa kawaida huanza kuandikwa Agosti au Septemba na hufika kwenye bodi kabla ya mwaka kwisha. Kitu ambacho hakimo humo Desemba kitasubiri, au kitatafutiwa upenyo, na kutafuta upenyo kunahitaji mtu wa kupigana kwa ajili yako.

Rudi nyuma kutoka hapo. Ili mkuu wa uendeshaji aandike mstari wako kwenye bajeti ya Septemba, awe ameona matokeo ya majaribio kufikia Agosti. Ili majaribio yaishe Agosti, mkataba wa usiri usainiwe Mei au Juni. Ili usainiwe Mei, mazungumzo ya kwanza yawe Februari au Machi, hesabu za mwisho wa mwaka zikiwa zimetulia. Januari usimsumbue mtu yeyote wa fedha; wanafunga vitabu na wakaguzi wa nje wamekaa mezani kwao.

Desemba watu wa mauzo husambaza kalenda na dayari. Sina ugomvi na kalenda. Ila benki zina sera za zawadi, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haiishii kwenye ofisi za serikali. Sekta binafsi nayo imo. Chakula cha mchana cha watu wanane chenye mada ya kazi ni kitu kimoja. Simu mpya ya mkononi kwa ofisa manunuzi ni kitu kingine, na ikijulikana mmefungiwa benki hiyo kabisa.

Hatua ya 6: Fungua mlango kutoka pande mbili

Usimtegemee mtu mmoja. Kila benki ifikiwe kwa wakati mmoja kupitia idara mbili, mfano uendeshaji na ukaguzi wa ndani, kwa ujumbe tofauti lakini unaokubaliana. Siku watakapokutana kwenye kikao, kila mmoja atakuwa amewahi kusikia jina lenu.

Barua rasmi kwa benki nyingi zitakwenda kwa Kiingereza, hilo linafahamika. Lakini mlango wenyewe hufunguliwa kwa ujumbe mfupi wa Kiswahili baada ya mtu mnayefahamiana naye wote kukutambulisha. Kitu kama hiki kinatosha:

"Habari za kazi, Mama. Samahani kwa usumbufu. Nimepewa namba yako na mwenzako wa zamani wa kitengo cha kadi, na amenijulisha kuwa ameshakuambia. Tunafanya kazi ya kulinganisha miamala ya mawakala. Nina swali moja kuhusu namna mnavyoshughulikia miamala inayokatika usiku, nalo halihitaji zaidi ya dakika kumi na tano. Siku gani wiki ijayo nisikuingilie ratiba?"

Hakuna kiambatisho, hakuna orodha ya sifa. Akijibu "tutumie tu pendekezo", usikimbilie kufurahi. Pendekezo linaloombwa kabla ya mazungumzo mara nyingi ni njia ya kistaarabu ya kukuaga. Jibu kwamba utalituma, ila unaomba kwanza kujua miamala ni mingapi kwa mwezi ili lisiwe la kubahatisha. Anayetaka kweli atakupa namba, hata kama ni ya kukadiria.

Mlango wa pili ni majukwaa ya taaluma. Wahasibu wanapaswa kuhudhuria mafunzo endelevu, na semina za bodi yao, NBAA, hukusanya ndani ya ukumbi mmoja watu ambao ungewatafuta mmoja mmoja kwa miezi. Omba nafasi ya kufundisha, na ufundishe kweli: jinsi ya kupanga umri wa vitu vilivyoko kwenye sasipensi, lini kitu kifutwe, nani aidhinishe. Ukitumia dakika arobaini kuisifia programu yako hutaalikwa tena, na watu wote uliowahitaji watakuwa wameshuhudia.

Kuhusu matangazo ya LinkedIn nitasema kidogo, kwa kuwa kwa kampuni ya aina hii ni kiungo tu. Mtego mmoja uujue. Tangazo haliendi hewani kama walengwa waliopatikana ni chini ya watu 300. Ukipakia majina ya watu kumi na wawili kutoka kila moja ya benki tano una watu 60, na Campaign Manager itakataa. Badala ya majina ya watu, lenga majina ya benki zenyewe, kisha uongeze kazi za fedha, uendeshaji, TEHAMA na ukaguzi. Ikibidi punguza vichujio mpaka uvuke 300. Ukifanya hivyo bila shaka wataona hata wasiohusika, na ndiyo maana bajeti iwe ndogo na tangazo liwe moja: lile la mada ya semina yako, au karatasi ya mkuu wa fedha. Lengo ni mtu wa vihatarishi awe amekutana na jina lenu kabla faili halijafika mezani kwake.

Hatua ya 7: Majaribio yenye mwanzo na mwisho

Tuseme Mei benki mojawapo imekubali. Omba mafaili ya mwezi mmoja uliopita, siyo ya leo: la mfumo mkuu, la kampuni moja ya simu, na la akaunti ya muda inayohusika. Namba za simu na za akaunti zifichwe na benki yenyewe kabla ya kukabidhiwa. Kampuni moja ya simu inatosha. Mkianza na zote, wiki sita zitapotea kwenye miundo ya mafaili.

Kabla ya kugusa faili, andikeni pamoja kitakachoitwa mafanikio. Kwa mfano wetu: mfumo ulinganishe angalau 99% bila mkono, na miamala 50 itakayochaguliwa na ukaguzi wa ndani ikaguliwe mmoja mmoja kuona kama majibu ni sahihi. Hicho kipengele cha pili kina faida iliyojificha. Kinawaleta wakaguzi mezani mapema, na matokeo yanakuwa yao pia.

Tozeni kitu. Hata kiasi kidogo. Majaribio ya bure yanaidhinishwa na mtu mmoja kwa kutikisa kichwa, na yanakufa vivyo hivyo. Malipo, hata madogo, yanahitaji saini, na saini inakuonyesha njia halisi ambayo pesa hupita ndani ya benki hiyo: nani anaanzisha, nani anaidhinisha, na karatasi gani zinakosekana. Ni afadhali ugundue kwamba manunuzi wanataka nyaraka fulani kwenye malipo ya milioni mbili kuliko kwenye mkataba mkubwa.

Matokeo yakitoka, yaandikwe kwenye kurasa mbili kwa jina la benki, kwa namna ambayo mkuu wa uendeshaji anaweza kuyapeleka kwenye kikao bila kubadilisha neno. Usiweke nembo yenu kubwa juu. Anayewasilisha ni yeye.

Hatua ya 8: Pima benki ilikofika

Sahau idadi ya waliobofya. Weka jedwali lenye mistari mitano, benki moja kila mstari, na ngazi hizi: hawatujui, mtu mmoja amejibu, watu wa idara mbili tofauti wameongea nasi, mkataba wa usiri umesainiwa, data imetolewa, mstari upo kwenye bajeti, faili liko manunuzi. Kila Ijumaa andika ngazi, tarehe ilipofikiwa, na ushahidi. "Mkutano ulikuwa mzuri" si ushahidi. Barua pepe ya mtu wa usalama iliyobeba maswali sitini ni ushahidi mzuri sana, hata kama inachosha kuijibu.

Angalia hasa ngazi ya tatu. Benki ambayo kila mara unaonana na mtu yule yule, mchangamfu, anayekuahidi kukutambulisha kwa bosi wiki ijayo, haijaanza. Huenda huyo mtu hana nguvu, au anatumia mazungumzo yenu kumshusha bei mzabuni aliyepo. Mjaribu kwa ombi dogo: aitishe mkutano wa dakika ishirini na mtu wa TEHAMA. Akishindwa mara mbili, tafuta mlango mwingine. Robo mbili zikipita bila idara ya pili, itoe benki hiyo kwenye tano zako na uingize ya sita. Mwandikie aliyekuwa anawasiliana nawe kwa heshima kwamba mtawatafuta tena mwakani baada ya hesabu za mwaka, kisha weka tarehe hiyo kwenye kalenda.

Benki iliyosaini nayo ibaki kwenye jedwali. Baada ya kampuni ya simu ya kwanza zipo nyingine, kadi, na miamala ya TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo wa Benki Kuu, na kila moja ina mkuu wa kitengo ambaye hakuwepo kwenye kikao cha kwanza. Kwake unaanza tena hatua ya 3, safari hii ukiwa na kurasa mbili zenye namba za benki yake mwenyewe.